Fomu ya Tathmini ya Ulemavu kwa Dai la Pensheni: Fundi Mwashi, Dodoma

TAARIFA YA DAKTARI KWA JOPO LA MADAKTARI – SIRI

A. Mdai na chanzo cha taarifa

Mdai: Bw. S.M., mwanamume, miaka 52, mkazi wa Nkuhungu, Jiji la Dodoma. Jina kamili, namba ya uanachama na nakala ya kitambulisho cha Taifa vimo kwenye bahasha iliyofungwa pamoja na fomu hii.

Kazi kabla ya ugonjwa: fundi mwashi, mwajiriwa wa kampuni ya ujenzi.
Elimu: darasa la saba.
Mkono anaoutegemea: wa kulia.
Dai: pensheni ya ulemavu, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF).
Tarehe ya uchunguzi: 18 Septemba 2025. Uchunguzi ulichukua dakika 80 pamoja na mapumziko mawili. Mke wa mdai alikuwepo wakati wa mahojiano, na alisubiri nje wakati wa vipimo.

Nimesoma muhtasari wa kulazwa wa Machi 2024, majibu ya picha ya kichwa ya CT, kadi ya kliniki ya shinikizo la damu, kadi ya fiziotherapia na barua ya mwajiri inayoeleza majukumu ya kazi. Katika fomu hii, "amepimwa" maana yake nilipima mwenyewe siku ya uchunguzi. "Ameonwa" maana yake nilimwona akifanya bila kumwambia afanye. "Ameeleza" ni maneno yake au ya mkewe. Kilichotoka kwenye kadi kimetajwa kwa tarehe ya kadi.

B. Ugonjwa na matibabu

Tarehe 11 Machi 2024 asubuhi, akiwa kazini, mdai aliishiwa nguvu ghafla mkono na mguu wa kulia na ulimi ukawa mzito. Alipofikishwa hospitali shinikizo la damu lilikuwa 210/118. Picha ya CT ilionyesha kiharusi cha kuziba kwa mshipa, upande wa kushoto wa ubongo; hapakuwa na damu iliyovuja. Alilazwa siku 12. Kisukari hakikuonekana.

Dawa za sasa: amlodipini, losartani, aspirini na atovastatini. Kadi ya kliniki ina pengo kati ya Novemba 2024 na Januari 2025. Mdai ameeleza kuwa bima ya afya ilikoma baada ya ajira kusitishwa na dawa zikaisha. Pengo hilo halikusababisha udhaifu unaoelezwa hapa, kwani kadi ya fiziotherapia ya Oktoba 2024 inaonyesha udhaifu uleule kabla halijatokea. Linaweza hata hivyo kuongeza hatari ya kiharusi cha pili. Shinikizo la damu siku ya uchunguzi: 158/94.

Fiziotherapia ilianza wodini na kuendelea hadi Mei 2025.

C. Matokeo ya uchunguzi

*Mkono wa kulia.* Nguvu ya misuli kwa kipimo cha 0 hadi 5: bega 3, kukunja kiwiko 4, kunyoosha kifundo cha mkono 3, kunyoosha vidole 2. Mkazo wa misuli kwa kipimo cha Ashworth ni 2 kwenye kiwiko na 2 kwenye vidole: ngumi hujifunga yenyewe anapotembea au anapojitahidi, na huifungua kwa kutumia mkono wa kushoto. Nguvu ya mshiko, wastani wa majaribio matatu: kulia kilo 9, kushoto kilo 34. Mzunguko wa mkono chini ya kiwiko, sehemu nene zaidi: kulia sentimita 24.5, kushoto 27. Katika jaribio la vijiti tisa alimaliza kwa mkono wa kushoto ndani ya sekunde 26. Kwa mkono wa kulia alipachika vijiti viwili, nikasimamisha jaribio baada ya dakika 2.

Sugu za kiganja cha kulia zimelainika na zinabanduka. Kiganja cha kushoto kina sugu mpya mahali panaposhika mkongojo.

*Mguu wa kulia.* Nyonga 4, goti 4, kuinua wayo 3. Ameonwa akiburuta ncha ya mguu alipoingia kutoka geti, na soli ya kiatu cha kulia imelika mbele, upande wa kidole gumba, wakati ile ya kushoto imelika kisigino kama kawaida.

*Kutembea na kujimudu mwili.* Mita 10 kwa mkongojo: sekunde 21. Kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa: sekunde 24. Dakika 6 za kutembea: mita 150, akisimama kupumzika mara moja. Kipimo cha Berg cha kujimudu mwili: 41 kati ya 56, alipoteza alama hasa kwenye kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka mzunguko mzima na kuokota kitu chini. Alipanda ngazi 10 akishika mhimili kwa mkono wa kushoto, mguu mmoja baada ya mwingine, bila mkongojo kwa kuwa hana mkono wa pili wa kuushika. Alichuchumaa nusu tu, na hakuinuka bila kushika meza.

*Kunyanyua.* Kwa mkono wa kushoto alibeba ndoo ya kilo 6 kwa mita 10, akiwa ameacha mkongojo, akayumba mara mbili. Kilo 10 aliinyanyua kutoka mezani lakini hakutembea nayo. Kunyanyua kwa mikono miwili hakuwezekani: mkono wa kulia uliteleza kwenye mpini.

*Kuongea na kufikiri.* Matamshi ni mazito lakini anaeleweka bila kurudia. Anaelewa maagizo ya hatua tatu. Alisoma vipimo kwenye futi ya fundi bila kosa na kukokotoa chenji ya shilingi 10,000 sawasawa. Aliandika sentensi fupi kwa mkono wa kushoto. Herufi ni kubwa na zinayumba, na sentensi ya maneno 12 ilimchukua dakika 2. Kwenye hojaji ya maswali 9 ya sonona alipata alama 8, ambazo ni dalili za kiwango kidogo. Sikuona kuwa zinaeleza utendaji wake kwenye vipimo vya mwili.

D. Shughuli za kila siku

Kipimo cha Barthel: 80 kati ya 100. Anajimudu choo, haja zote mbili, kuinuka kitandani na kutembea ndani na nje ya nyumba kwa mkongojo. Ameeleza, na mkewe amethibitisha, kwamba hukatiwa nyama na kumenyewa matunda, husaidiwa kuoga mgongo na upande wa kushoto, na hufungiwa vifungo na kamba za viatu. Ameonwa akivua shati: alitoa mkono wa kushoto kwanza kwa kutikisa bega, kisha akavuta mkono wa kulia kutoka kwenye mkono wa shati kwa kutumia meno na mkono wa kushoto. Ilichukua karibu dakika 3.

Naomba jopo lisichukue alama 80 kama kipimo cha kazi. Barthel hupima mtu kujihudumia nyumbani, na mtu anaweza kufikia hata 100 huku mkono wake wa kulia haushiki mwiko.

Ameeleza kuwa ameanguka mara mbili tangu Machi 2025, bafuni na kizingitini. Mkewe alishuhudia ya kizingitini. Hakuna jeraha lililoandikwa kwenye kadi.

E. Kazi aliyokuwa akifanya, na uwezo wa sasa

Barua ya mwajiri inataja: kujenga kuta kwa tofali za saruji za inchi 6, kupiga lipu, kubeba na kusogeza mifuko ya saruji ya kilo 50, kusukuma toroli la zege, kufanya kazi juu ya jukwaa hadi ghorofa ya tatu, na kuhakiki ukuta kwa timazi na pimamaji.

Kazi ya mwiko na tofali inataka mikono miwili kwa wakati mmoja, mmoja ukitandaza udongo na mwingine ukiweka tofali. Mdai hawezi. Lipu inataka mkono unaoongoza kufika juu ya bega na kusukuma. Bega lake la kulia huinuka hadi nyuzi 70 na haliwezi kukinza msukumo. Mfuko wa saruji na toroli haviwezekani kwa vipimo vya kunyanyua vilivyo juu. Kupanda jukwaa sishauri kabisa, kwa sababu ya Berg 41, kuburuta wayo na shinikizo la damu ambalo bado halijatulia. Hapa kizuizi ni usalama wake na wa walio chini yake, hata kama angejikongoja akafika juu.

Kusoma pimamaji na futi anaweza. Ukuta anaujua na anaweza kumwelekeza fundi mwingine kwa maneno akiwa chini, sehemu tambarare.

Kwa kazi nyingine yoyote, mipaka iliyoonekana ni hii: amekaa dakika 50 mfululizo bila shida, amesimama dakika 10 akishika kitu, kubeba kusizidi kilo 5, kwa mkono wa kushoto, bila kutembea mbali, hakuna kuchuchumaa, kupanda wala mashine inayozunguka, kuandika kuwe kidogo na kusiko na haraka. Kama kazi ya namna hiyo ipo kwa mtu wa elimu na uzoefu wake, hilo si swali la kitabibu na silijibu.

F. Pale kumbukumbu zinapotofautiana

Kadi ya kliniki ya 21 Januari 2025 inasema "mkono wa kulia 4/5". Kadi ya fiziotherapia ya wiki hiyohiyo inasema 3/5. Zote zinaweza kuwa sahihi. Kiwiko ni 4 hadi leo, bega na kifundo ni 3. Kadi ya kliniki haikutaja kiungo kilichopimwa.

Kadi ya 6 Machi 2025 imeandikwa "anaendelea vizuri". Mstari huo unafuata kipimo cha shinikizo la damu cha 138/86, na hakuna kipimo cha misuli wala mwendo siku hiyo. Siusomi kama ushahidi kwamba alipona.

Barua moja ya kliniki imeandika "hawezi kufanya kazi yoyote". Haikuambatanishwa na kipimo chochote, na siungi mkono maneno hayo kama yalivyo. Sehemu E inaonyesha anachoweza.

Mdai ameeleza kuwa hawezi kuvuka mita 100. Amepimwa mita 150 na pumziko moja, na pumziko lilikuja kwenye mita 90. Kati ya alivyoonwa na alivyopimwa sikuona tofauti: majaribio matatu ya mshiko yalikaribiana (kilo 9, 8 na 10), na alivyotembea akiingia ndivyo alivyotembea akiondoka.

G. Maoni ya kitabibu

Utambuzi: udhaifu wa upande wa kulia na mkazo wa misuli uliobaki baada ya kiharusi cha kuziba kwa mshipa, shinikizo la juu la damu. Kipimo cha Rankin: 3.

Imepita miezi 18. Mshiko wa kulia ulikuwa kilo 8 Januari 2025 na ni 9 sasa. Mita 10 zilikuwa sekunde 22 na ni 21 sasa. Tofauti hizo ni ndogo kiasi cha kutokana na upimaji wenyewe. Kwa maoni yangu udhaifu wa mkono wa kulia ni wa kudumu. Mwendo unaweza kuboreka kidogo akipata kifaa cha kuinua wayo, na nimemwandikia rufaa kwa ajili hiyo, lakini kifaa hicho hakitabadilisha hali ya mkono. Kazi ya uashi hataweza kuirudia.

Kiwango cha kupoteza uwezo wa kujipatia kipato nakiacha kwa jopo. Jopo likitaka kumwona, aitwe asubuhi. Baada ya saa sita mkazo wa vidole huongezeka, na ameeleza kuwa daladala za jioni hazimsubiri apande.

Nathibitisha kuwa nimemchunguza mdai mwenyewe na kwamba mimi si ndugu yake wala mwajiri wake. Mdai amesomewa sehemu D na E, amekubali ziwasilishwe, na ameweka dole gumba la kushoto mbele yangu.

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, hospitali ya rufaa, Dodoma. Jina na namba ya usajili vimo kwenye muhuri.
Imesainiwa 19 Septemba 2025. Viambatisho: nakala za kadi mbili, majibu ya CT, barua ya mwajiri, karatasi ya vipimo.