Barua ya Mombasa na Matabaka ya Mtandao

Hamjambo, wanafunzi. Jumamosi iliyopita mliniuliza kwa nini inasemekana kwamba mtandao wa kompyuta umejengwa kwa matabaka, ilhali mtu akiutazama haoni tabaka lolote ila nyaya na kisanduku chenye taa. Leo nitalijibu swali hilo kwa kuwapeleka posta.

Tuseme mmoja wenu hapa Kisumu anamwandikia binamu yake aliye katika shule ya bweni mjini Mombasa. Yaliyomo katika barua ni yao wawili, na wanaweza kuandikiana kwa Kiswahili au kwa Kijaluo mradi waelewane. Hilo ndilo tabaka la juu, yaani tabaka la matumizi, ambamo kivinjari na seva huzungumza kwa itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, inayofahamika pande zote mbili. Barua hutiwa katika bahasha, na juu yake huandikwa jina la binamu, kidato chake, sanduku la posta la shule na msimbo wa 80100 Mombasa. Karani wa posta hahitaji kujua kilichoandikwa ndani, wala binamu hahitaji kujua barua ilisafiri kwa gari gani.

Sasa litazameni sanduku la posta. Shule nzima hutumia sanduku moja, na kazi ya posta huishia pale bahasha inapotumbukia humo. Anayesoma jina na kidato ili barua imfikie mwenyewe ni karani wa shule. Vivyo hivyo, kompyuta yako ina anwani ya IP ambayo programu zake zote huitumia, na namba ya poti ndiyo inayoonyesha data ni ya programu ipi. Seva ya tovuti salama kwa kawaida husubiri kwenye poti 443, na seva zinazopokezana barua pepe hutumia poti 25. Anwani ya IP ni ya tabaka la mtandao, na poti ni ya tabaka la usafirishaji, lililo juu yake.

Sehemu inayowatatiza wengi ni tabaka la chini, la kiungo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Bahasha haiendi peke yake. Hutiwa katika mfuko wenye kibandiko, na tuseme kibandiko hicho kimeandikwa Nairobi. Mfuko ukifika Nairobi hufunguliwa, bahasha husomwa, kisha huwekwa katika mfuko mwingine ulioandikwa Mombasa. Kibandiko cha mfuko kimebadilika, lakini anwani iliyo juu ya bahasha haijaguswa. Ruta, yaani kifaa kinachounganisha mitandao, hufanya kazi hiyohiyo: huondoa fremu, ambayo ndiyo mfuko, iliyokuja nayo pakiti, ambayo ndiyo bahasha, husoma anwani ya IP ya mwisho wa safari, kisha huifunga pakiti katika fremu mpya yenye anwani ya MAC, yaani ya kadi ya mtandao, ya kituo kinachofuata. Ndiyo maana tunahitaji anwani za aina mbili, jambo ambalo wengi hulikariri bila kulielewa.

Mgawanyo huu una faida kubwa. Mifuko ya barua iliwahi kusafirishwa kwa garimoshi, kisha ikahamia kwenye magari ya barabarani, na hakuna aliyelazimika kubadilisha namna ya kuandika bahasha. Itifaki ya IP tunayoitumia hadi leo, toleo la 4, iliandikwa mwaka 1981, na kiwango cha kwanza cha waifai kilitolewa mwaka 1997. Hata hivyo IP haikuhitaji kuandikwa upya, kwa sababu waifai ni gari jipya tu la kubebea mfuko uleule.

Mfano huu hautoshi kila mahali, na ni lazima niwaambie unapokomea. Posta haikati barua vipande, lakini fremu ya kawaida ya ithaneti hubeba data isiyozidi baiti 1500, hivyo picha moja hugawanywa katika pakiti nyingi. Ni kama kuandika barua ya kurasa 40, kuzitia katika bahasha 8 zenye namba, na kukubaliana na binamu kwamba atakujibu kila anapopokea, ili ile isiyojibiwa uitume tena. Makubaliano hayo ni yenu wawili, si ya posta, na hiyo ndiyo kazi ya TCP, itifaki ya tabaka la usafirishaji.

Sasa washeni kompyuta, fungueni dirisha la amri la Windows, na mwandike hivi:

```
tracert 8.8.8.8
```

Kila mstari wa kituo utakaotokea wenye anwani ni ruta moja ambako mfuko ulifunguliwa na bahasha ikasomwa, isipokuwa wa mwisho wenye 8.8.8.8, ambao ni seva yenyewe tunayoiendea. Mkiona nyota badala ya anwani, msidhani safari imekatika, kwa maana ruta nyingine hupitisha pakiti bila kujibu maswali ya aina hii. Hesabuni vituo, kisha kila mmoja aniandikie ni anwani ipi iliyobaki ileile tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho.