Muhtasari wa Hukumu: Francis Karioko Muruatetu na Mwenzake dhidi ya Jamhuri

Mahakama ya Juu ya Kenya, Nairobi. Malalamiko Nambari 15 na 16 ya 2015, yaliyosikilizwa kwa pamoja. Hukumu ilitolewa tarehe 14 Desemba 2017 na jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu David Maraga.

Muhtasari huu umeandaliwa kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria na wanafunzi wa sheria wanaojitolea katika meza yetu ya msaada wa kisheria hapa Nairobi, hasa wale wanaokwenda Kamiti na Gereza la Wanawake la Lang'ata. Hakuna hukumu ambayo wafungwa huitaja mara nyingi kuliko hii, wala hakuna inayosimuliwa visivyo kama hii. Mfungwa akiambiwa kwamba Mahakama ya Juu ilifuta adhabu ya kifo, au kwamba kila mwenye kifungo cha maisha sasa anaweza kuomba apunguziwe, ataandika ombi, atasubiri miezi mingi, kisha ombi litatupwa kwa sababu ambayo angeweza kuelezwa siku ya kwanza. Tafadhali someni sehemu ya sababu kwa utulivu, kwa maana ndiyo inayoonyesha hukumu inamfikia nani na inaishia wapi.

Ukweli wa kesi

Walalamishi wawili walishtakiwa pamoja na wengine kwa kosa la mauaji. Mahakama Kuu iliwatia hatiani na kuwahukumu kifo chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinachoeleza kwamba mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo. Kwa jinsi kifungu hicho kilivyoandikwa, jaji akishamtia mtu hatiani hakuwa na adhabu nyingine ya kuchagua, hata kama mshtakiwa angekuwa kijana asiye na kosa la awali au mtu aliyemuua mwenzake baada ya kuteswa naye kwa miaka. Mahakama ya Rufaa ilikataa rufaa yao juu ya hatia na juu ya adhabu.

Mwaka 2009, Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingoja kunyongwa, na kifo kikawa kifungo cha maisha. Walalamishi walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo walipofika mbele ya Mahakama ya Juu hawakuwa tena katika hatari ya kitanzi, na Kenya kwa vyovyote haijamnyonga mfungwa yeyote tangu 1987. Walilolalamikia ni kwamba adhabu ya kwanza ilitolewa bila mahakama kuwa na uhuru wa kuipima, na kwamba kifungo cha maisha walichobaki nacho hakikuwa na mwisho unaojulikana.

Jambo moja la historia lisiachwe. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa, katika kesi ya Godfrey Ngotho Mutiso, ilisema kwamba kulazimisha adhabu ya kifo kwa kila muuaji kunakiuka Katiba. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Joseph Njuguna Mwaura, ikageuza msimamo na kusema kwamba lazima hiyo ni halali. Majaji wa Mahakama Kuu wakabaki na misimamo miwili inayopingana, na adhabu ya mshtakiwa ikategemea mno ni lini na mbele ya nani alihukumiwa.

Swali la kisheria

Swali kuu lilikuwa hili: je, sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kumruhusu kuzingatia mazingira ya kosa na hali ya mkosaji, inaafikiana na Katiba ya 2010? Yaliambatana nayo maswali mengine kuhusu kifungo cha maisha: kama kinakiuka Katiba kwa kutokuwa na kikomo, na kama mahakama inaweza yenyewe kutaja idadi ya miaka.

Uamuzi

Mahakama ilitamka kwamba ulazima wa adhabu ya kifo ulio katika kifungu cha 204 unakiuka Katiba. Papo hapo ilieleza kwamba tamko hilo haligusi uhalali wa adhabu ya kifo yenyewe, kwa kuwa Ibara ya 26(3) inakubali kwamba mtu anaweza kunyimwa uhai kwa kadiri inavyoruhusiwa na Katiba au sheria nyingine iliyoandikwa. Jaji wa Mahakama Kuu bado anaweza kumhukumu muuaji kifo. Ambacho hana tena ni wajibu wa kufanya hivyo kila mara.

Hatia ya walalamishi haikuguswa. Kesi yao ilirejeshwa Mahakama Kuu isikilizwe upya kuhusu adhabu peke yake, na kwa kupewa kipaumbele. Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na taasisi nyingine husika waliagizwa waandae utaratibu wa kushughulikia wafungwa wengine walio katika hali kama hiyo, na watoe taarifa ya maendeleo ndani ya miezi 12. Kuhusu maana na urefu wa kifungo cha maisha, Mahakama haikutaja idadi ya miaka, bali ilisema kazi hiyo ni ya Bunge, na ikaagiza hukumu ipelekwe kwa Maspika wa Mabunge yote mawili.

Sababu za uamuzi

Msingi wa hoja yote ni haki ya kusikilizwa kwa usawa. Ibara ya 25(c) inaiweka haki hiyo miongoni mwa haki ambazo haziwezi kuwekewa mipaka kwa namna yoyote, na Ibara ya 50(2) inaorodhesha mambo yaliyomo ndani yake. Kujitetea kuhusu adhabu hakumo katika orodha hiyo, na hapo ndipo upande uliounga mkono kifungu cha 204 ungeweza kushika. Mahakama ilijibu kwamba orodha ya Ibara ya 50(2) haikukusudiwa kuwa kamili, kwa kuwa Katiba inasema haki hiyo inajumuisha mambo yaliyotajwa, jambo linaloacha nafasi kwa mengine. Kesi haiishii pale hatia inapotamkwa, kwa maana hatua ya adhabu ni sehemu ya usikilizaji, na mtu anayenyimwa nafasi ya kusema lolote lenye uzito katika hatua hiyo hajasikilizwa kwa usawa.

Hapa Mahakama ilitazama vifungu vya 216 na 329 vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, vinavyoruhusu korti kupokea ushahidi kabla ya kuamua adhabu. Ni kweli vifungu hivyo vinatoa ruhusa na havilazimishi. Hata hivyo Mahakama iliona kwamba maelezo ya kupunguziwa adhabu ni sehemu muhimu ya kesi yenye haki, na hasa pale ambapo uhai wa mtu uko mizani. Chini ya kifungu cha 204, mshtakiwa angeweza kupewa nafasi ya kueleza hali yake, jaji akayaandika yote kwa makini, na bado yasibadilishe kitu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika hukumu, kwa sababu inaonyesha kwamba kusikilizwa ni zaidi ya kupewa muda wa kuongea. Ni lazima anayesikiliza awe na uwezo wa kuathiriwa na alichosikia.

Kutokana na hapo hoja nyingine zinafuatana. Kifungu cha 204 kilimpokonya jaji uhuru wa kupima adhabu na kumfanya mtamkaji wa uamuzi uliokwisha kufanywa na Bunge. Kiliiondoa pia maana haki ya Ibara ya 50(2)(q) ya kuomba mahakama ya ngazi ya juu zaidi ipitie uamuzi, kwa kuwa mahakama ya rufaa ikikubaliana na hatia haikuwa na adhabu nyingine ya kuweka badala yake. Kiliwatenga waliotiwa hatiani kwa mauaji kutoka kwa wafungwa wengine wanaosikilizwa kuhusu adhabu, kinyume cha Ibara ya 27 kuhusu usawa. Na kiligusa utu wa mtu unaolindwa na Ibara ya 28, kwa kuwahesabu wote kama kundi moja lisilo na sura, ilhali wauaji hawafanani kwa nia, kwa umri wala kwa njia waliyopitia hadi kufikia kosa.

Mahakama ilipima pia hukumu za nchi nyingine. Ilirejelea kesi ya Woodson ya Marekani ya 1976, kesi ya Reyes kutoka Belize iliyoamuliwa na Baraza la Faragha mwaka 2002, ya Kafantayeni ya Malawi ya 2007, na ya Susan Kigula iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009. Hukumu hizi haziifungi Kenya, ila zilionyesha kwamba mahakama zenye katiba tofauti zilikataa ulazima huu kwa sababu zinazokaribiana.

Mwisho, Mahakama ilitoa mwongozo wa mambo ya kuzingatiwa na jaji anayesikiliza adhabu upya: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia na rekodi yake, kama kosa lilitokana na ukatili wa kijinsia aliotendewa, majuto yake, na uwezekano wa kurekebika na kurudi katika jamii. Jaji anaweza kuongeza jambo lolote linalohusika.

Mipaka ya hukumu

Baada ya 2017 mahakama nyingi ziliitumia hukumu hii kwa makosa mengine, na maelfu ya maombi yakafurika. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilitoa maelekezo katika kesi hiihii na kusema wazi kwamba uamuzi wake unahusu mauaji peke yake, yaani vifungu vya 203 na 204. Haukugusa wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2), jaribio la wizi huo, wala uhaini. Mwenye kutaka kupinga adhabu za makosa hayo atalazimika kuanzisha kesi yake mwenyewe hadi ifike huko juu. Mwaka 2024 Mahakama hiyo ilirudia msimamo huo ilipokataa hukumu hii itumike kuangusha adhabu za chini kabisa zilizowekwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006.

Kwa hiyo mfungwa akija mezani, kabla ya kalamu kugusa karatasi, someni shtaka kwenye nakala ya hukumu yake. Wengi waliotumikia miaka 15 au 20 wana kosa la wizi wa kimabavu, ingawa katika tukio hilo kuna mtu alikufa, na wao husema kwa nia safi kabisa kwamba kesi yao ni ya mauaji. Kama shtaka si la kifungu cha 203, waambieni ukweli huo kwa upole na siku hiyohiyo.

Kama shtaka ni la mauaji, ulizeni kuhusu rufaa. Maelekezo ya 2021 yanasema kwamba ikiwa rufaa bado iko mbele ya Mahakama ya Rufaa, Mahakama Kuu itapokea ombi la kusikilizwa upya baada tu ya kuridhika kwamba rufaa hiyo imeondolewa. Ikiwa rufaa inahusu adhabu pekee, mahakama ya rufaa yenyewe inaweza kupokea hoja kuhusu adhabu. Mfungwa anayepinga pia hatia yake asishauriwe kuondoa rufaa kabla wakili hajasoma faili yote, kwa sababu akishaiondoa atakuwa anazungumzia urefu wa adhabu, na si kama alistahili kutiwa hatiani. Mweleze pia kwamba siku ya kusikilizwa upya si yake peke yake: maelekezo hayo yaliongeza kwenye mwongozo namna kosa lilivyotendwa na madhara yaliyoipata familia ya marehemu, na familia hiyo ina haki ya kusikika mbele ya jaji yuleyule.