Barua kwa Walio Nje: Mapatano ya Kisima cha Mkwajuni

Matondoni, Lamu
14 Februari 2024

Kwa wakazi wenzangu mlioko Mombasa, Malindi, Arabuni, na nyinyi wavuvi mlioko dago,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Ninawaandikia kwa amri ya baraza la kijiji ili mpate kujua tulichoandikiana juu ya kisima chetu siku ya Ijumaa, tarehe 9 Februari, baada ya swala. Karatasi imetiwa sahihi na watu 27. Majina yenu nayo yamo, na mbele ya kila jina pana nafasi, kwa sababu hakuna aliyepewa ruhusa ya kumwekea mwenziwe sahihi. Someni barua hii mpaka mwisho, kisha mseme.

Mnajua wenyewe kaskazi ilivyo. Lakini ya mwaka huu haikutuumiza peke yake. Mwezi wa Novemba nyumba moja ilitia mashine ya petroli na mpira kisimani, ikawa inavuta usiku kujaza tangi la ujenzi. Sitaitaja, kwa kuwa mapatano hayakuitaja, na mwenyewe alikuja barazani, akasema yake, akatia sahihi. Yaliyofuata ndiyo mliyoyasikia kwa simu: kufika Januari chai ikawa haipikiki. Mama zetu walikuwa wakionja maji kwa kata kabla ya kujaza dumu, wakatema, wakarudi na madumu matupu. Tulipoteremsha kamba yenye mafundo, maji yaliyokuwa mikono mitano yalikuwa yamebaki mikono miwili na shubiri.

Kwa vijana wanaouliza kwa nini mashine imekatazwa na ilhali tuko karne hii, jibu liko chini ya mchanga. Maji matamu ya kisiwa ni ya mvua. Yamekaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Ukichota kwa ndoo, kisima hupata nafasi ya kujaa tena. Ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, yale ya chumvi huinuka kufuata, na yakishainuka hayashuki kwa siku mbili tatu, hungoja mvua. Kwa hiyo kifungu cha kwanza, na kwangu mimi ndicho roho ya karatasi nzima, kinasema hapana mashine ya aina yoyote katika Kisima cha Mkwajuni, iwe ya petroli, ya umeme au ya jua, mpaka kijiji kizima kikae na wataalamu wa maji wapime kwanza. Atakayetia atatoa shilingi 10,000 kwa matengenezo ya kisima, na mashine itakaa kwa mzee wa kijiji mpaka alipe.

Jambo la pili ni la ardhi, na hili lilichukua saa nyingi kuliko yote. Marehemu mwenye shamba alikitoa kisima wakfu kwa mdomo, na waliosikia kwa masikio yao sasa wamebaki wazee wawili tu. Waliitwa, wakashuhudia mbele ya imamu. Imamu naye akatukumbusha ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Warithi wamekubali kwamba kisima, pamoja na hatua 20 kila upande na njia ya kupita punda, havitauzwa, havitazungushiwa ua wala kujengewa. Minazi iliyomo ndani ya hatua hizo imebaki mali yao na nazi ni zao. Asiokote mtu hata moja akidhani ni ya wakfu. Warithi wawili wametia sahihi. Wa tatu yuko Jidda, ametuma sauti yake kwa simu ikasikilizwa na baraza zima, na ataandika kwa mkono wake akirudi. Nawaambia kweli, nililala usingizi mzuri usiku ule. Kilichokuwa kikinitisha miaka yote ni kwamba wale wazee wawili wangeondoka na ushahidi wao.

Kuchota sasa kuna saa zake. Ni kuanzia alfajiri hadi saa tatu, kisha baada ya alasiri hadi magharibi. Katikati kisima hupumzika. Mpaka masika yanyeshe, kila nyumba ni madumu sita ya lita 20 kwa siku, na nyumba yenye mgonjwa au mzazi wa arubaini huongezewa mawili bila kuulizwa sana. Wanaochukua kwa punda kwenda kuuza wamesimamishwa hadi mvua. Walilalamika, na wana haki ya kulalamika kwani ndiyo riziki yao, kwa hiyo wao ndio watakaolipwa kazi ya kusomba mawe na mchanga wa matengenezo. Mwenye kujenga ataomba kwanza, na hatapata kitu kabla ya mvua.

Kufua na kuogea ni nje ya zile hatua 20. Choo kipya hakichimbwi ndani ya hatua 50.

Sasa fedha. Nyumba yenye watu hutoa shilingi 100 kwa mwezi. Nyumba iliyofungwa haitozwi ya mwezi, ila hutoa 500 mara moja kwa mwaka kwa ajili ya kuosha kisima. Kuna waliosema aliye mbali asitozwe kabisa, na wengine wakasema atozwe sawa na aliyeko. Mimi nilisimama upande wa hii ya katikati, kwa sababu mtakaporudi Idi mtataka maji matamu kama sisi, na haki yenu haikupungua hata tone kwa kuwa hamko. Tumeni kwa simu kwa mweka hazina, namba yake mnayo, na mtaje jina la nyumba.

Fedha ya kwanza ni ya mdomo wa kisima. Lile jiwe la upande wa kibla, mnalikumbuka, kamba zimelikata mpaka kidole kizima kinazama ndani ya mfuo, na sasa limepasuka. Fundi atalitoa, atajenga upya kwa mawe na chokaa, na tutafunga roda ili kamba isisugue tena. Jiwe la zamani halitatupwa. Litawekwa pembeni watu wakalie.

Ufunguo wa mfuniko uko kwa wanawake wawili wa kamati, kwa zamu ya wiki. Hawa ndio wanaopima kamba kila Ijumaa na kuandika daftarini.

Aliye na pingamizi alete kabla ya Jumapili, tarehe 10 Machi, tusije tukaingia Ramadhani na ugomvi. Unaweza kuandika, au kumtuma mtu mzima wa nyumba yako azungumze barazani. Nyinyi wa dago niliwaombea muda zaidi, nikakubaliwa: mna mpaka mtakaporudi na kusi, na kifungu mtakachokipinga kitafunguliwa tena. Nahodha anayeleta barua hii awasomee wote pamoja, jioni, mashua zikishafungwa.

Karatasi yenyewe ziko tatu. Moja iko msikitini, moja kwa chifu msaidizi, na moja ninayo mimi sandukuni. Anayetaka picha yake kwa simu aniambie.

Jana asubuhi kamba ilisoma mikono mitatu.

Wassalam,
Katibu wa Kijiji
kwa niaba ya Baraza na Kamati ya Kisima cha Mkwajuni