Ombi la Kubadilishiwa Saa za Kazi Siku za Kliniki ya Wajawazito

Dar es Salaam,
9 Machi 2026

Kwa: Meneja wa Ghala,
Ghala la Vinywaji, Vingunguti

Ndugu Mgaya,

YAH: OMBI LA KUINGIA KAZINI SAA 6 MCHANA SIKU ZA KLINIKI, KUANZIA APRILI HADI AGOSTI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tulipoongea Ijumaa pale getini uliniambia niliweke suala hili kwenye maandishi ili uone tarehe zote kwa pamoja na upange zamu mapema. Ndilo lengo la barua hii.

Nina ujauzito wa wiki 14, na natarajia kujifungua tarehe 7 Septemba 2026. Jumatano iliyopita, tarehe 4 Machi, siku niliyokuomba ruhusa, nilianza kliniki katika kituo cha afya cha karibu na nyumbani, Tabata. Nimefunguliwa kadi na kupangiwa kurudi mara kwa mara hadi nitakapojifungua. Ninachoomba ni kwamba katika Jumatano sita, ambazo nazitaja hapa chini, isipokuwa ile ya 6 Mei, niingie kazini saa 6 mchana badala ya saa 1 asubuhi, na saa zitakazopungua nizifidie wiki hiyohiyo bila mshahara wangu kuguswa.

Najua swali lako la kwanza litakuwa kwa nini nisiende jioni. Kituo chetu huwahudumia wajawazito asubuhi tu, na siku yangu ni Jumatano. Kazi huanza kwa mafunzo ya afya mnayopewa wote kwa pamoja kwenye benchi. Zikishagawiwa namba, unapita meza kwa meza: uzito, presha, mkojo, kidole kutobolewa kuangalia wingi wa damu, halafu ndani kwa mkunga kupimwa tumbo na kusikilizwa mapigo ya mtoto, na mwisho dirisha la dawa. Tarehe 4 nilifika saa 1 kamili nikatoka saa 5 na nusu, na wapo niliowaacha bado wamekaa. Ukichelewa ukafika saa 3 ili kwanza utoe magari mawili matatu ghalani, namba yako inakuwa ya mwisho na siku yote imeisha. Ndiyo maana siombi kuja asubuhi kidogo, nitoke, kisha nirudi. Mpango huo ungetuharibia wote wawili.

Nilifikiria pia hospitali binafsi zinazofungua hadi usiku. Gharama ni sababu mojawapo ya kuacha, lakini kubwa zaidi ni kwamba napenda kadi yangu yote ijazwe sehemu moja na mkunga anayenifahamu tangu mwanzo.

Tarehe zenyewe ni 8 Aprili, 6 Mei, 3 Juni, 1 Julai, 29 Julai na 12 Agosti. Zote ni Jumatano. Utaona hazijakaa ovyo. Mwanzoni nesi alinipangia tarehe 1 Aprili, lakini hiyo ndiyo wiki ya Pasaka, na sihitaji kukueleza ghala letu linavyokuwa Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu, foleni ya magari ikifika hadi barabarani. Nilimwomba asogeze wiki moja, akakubali. Kwa kusogeza hivyo tumeikwepa pia Idd el-Haji, ambayo mwaka huu inatarajiwa kuangukia tarehe 27 Mei au karibu na hapo, kutegemea mwezi. Zaidi ya hapo sina uhuru mkubwa wa kuzihamisha. Tarehe 4 nilimeza dozi ya kwanza ya SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria. Dawa hiyo humezwa palepale mbele ya nesi, na kati ya dozi na dozi lazima upite angalau mwezi mmoja. Kwa hiyo nikikosa siku moja, mfululizo mzima unasogea mbele na kuangukia siku ambazo sisi wawili hatukuzipanga.

Naomba uiangalie kwa jicho la pekee tarehe 6 Mei. Siku hiyo, pamoja na kliniki ya kawaida, nitafanyiwa ultrasaundi, ambayo mkunga anataka ifanyike kabla ya wiki ya 24. Kituoni kwetu mashine hiyo hakuna, itabidi niende kwingine nikitoka hapo. Sidhani nitaweza kufika Vingunguti kabla ya saa 9 alasiri, na kuja kwa saa moja au mbili ni kujidanganya. Ni afadhali siku hiyo nzima ikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Fomu ya likizo nimeiambatanisha, imebaki sahihi yako.

Kwa Jumatano tano zilizobaki, hesabu yangu ni hii. Siku ya kawaida nafanya kazi saa nane, ukiondoa saa moja ya chakula. Nikiingia saa 6 mchana na kutoka saa 12 jioni, na kupumzika saa moja, nitakuwa nimefanya saa tano, zinapungua tatu. Hizo nitazilipa kwa kutoka saa 11 jioni badala ya saa 10 siku za Jumanne, Alhamisi na Ijumaa za wiki hiyo. Hakuna siku itakayozidi saa tisa za kazi, na jumla ya saa za wiki itabaki ileile, kwa hiyo mhasibu hatakuwa na ovataimu ya kukokotoa.

Nadhani utakubaliana nami kwamba saa hizo za jioni si za kukaa tu nikiangalia saa ya ukutani. Magari huanza kurudi kuanzia saa 9, kila moja na kreti zake tupu na bahasha ya risiti, na sisi wa ofisi tunaondoka saa 10 tukiwa tumepokea nusu. Gari likirudi tumeshafunga, kreti zinashushwa pembeni bila kuhesabiwa, na asubuhi dereva anasema alirudisha 60 wakati sakafuni ziko 54. Kila wiki tunabishana juu ya hilo. Nikiwepo jioni, walau siku nne za wiki hizo, kila gari litahesabiwa likiwa bado mbele ya dereva na utingo wake, na wataweka sahihi papo hapo.

Kuhusu asubuhi, kazi isiyoweza kunisubiri ni moja: kutoa magari ya njia ya kwanza, yaani kulinganisha oda na mzigo uliopakiwa na kuandika getipasi. Hamisi ameshaifanya nilipokuwa likizo Desemba, na sikumbuki tulipata malalamiko ya maana. Kila Jumanne kabla ya kliniki nitahakikisha oda zote za kesho yake zimeingizwa kwenye mfumo na kuchapishwa, zimepangwa kwa njia (Gongo la Mboto, Mbagala, Kariakoo, Ubungo) ndani ya faili la kijani. Hamisi atabaki na kuhesabu na kusaini. Funguo za stoo ndogo nitamkabidhi jioni hiyo kwa kuandikishana daftarini. Nimeshazungumza naye kama mwenzangu tu na yuko tayari, ila uamuzi ni wako. Na kama kazi hiyo itamlazimu kuwahi kufika kuliko kawaida yake, naomba naye ahesabiwe saa zake.

Kuna mambo mengine mawili ambayo ni bora niyaseme sasa.

La kwanza ni kuhesabu mzigo mwisho wa mwezi, shughuli ambayo mara nyingi hutupeleka hadi saa 4 usiku. Hesabu za Machi, Aprili, Mei na Juni nitakuwepo mpaka mwisho kama kawaida, labda daktari aseme vinginevyo. Ya tarehe 31 Julai sitaweza kuvuka saa 2 usiku, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mjamzito kufanya kazi za usiku ndani ya miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa 2. Siku hiyo nipange kwenye kundi la mchana, nitamaliza rafu za maji na juisi kabla ya wenzangu wa soda.

La pili ni kreti. Wakati mwingine vibarua wakipungua sote tunashika. Kuanzia sasa naomba nisibebe wala nisipande ngazi ya rafu za juu. Kalamu na ubao wa kuandikia nitashika, na kelele za kuhimiza nitapiga kama kawaida yangu.

Likizo ya uzazi nakusudia kuianza Jumatatu, 17 Agosti 2026, siku 84 kama sheria inavyotoa. Cheti cha mkunga chenye tarehe ya matarajio nimekiambatanisha, hivyo naomba barua hii ipokelewe pia kama taarifa yangu rasmi ya likizo hiyo. Mpango wa nani atakaimu nafasi yangu kipindi hicho tunaweza kukaa tukauzungumza Mei, baada ya pilikapilika za Pasaka kwisha.

Kila nikitoka kliniki nitakuonyesha ukurasa wa mahudhurio wenye mhuri wa siku hiyo. Yaliyomo kwenye kurasa nyingine za kadi, vipimo na majibu yake, naomba yabaki kati yangu na wahudumu wa afya. Ikitokea nimeambiwa nirudi kabla ya tarehe iliyopangwa, nitakupigia simu siku hiyohiyo nikiwa bado kituoni, nisikuache usubiri mpaka asubuhi. Kwa sasa wanaojua hali yangu hapa kazini ni wewe, Hamisi na dada wa rasilimali watu. Wengine nitawaambia mwenyewe wakati wake ukifika, nakuomba sana unitunzie hilo, hasa kwa madereva.

Ratiba ya zamu za Aprili huwa unaibandika wiki ya mwisho ya Machi. Ningeshukuru kupata jibu lako la maandishi kabla ya Jumatano, 25 Machi, ili tarehe 8 Aprili iingie kwenye ratiba tangu mwanzo na Hamisi naye ajipange. Kama kuna tarehe inayokubana, au unaona njia nzuri zaidi ya kufidia saa hizo, nipo tayari kukaa na wewe siku yoyote baada ya saa 5 asubuhi, magari yakishatoka.

Wako katika kazi,

Sofia
Karani wa Utoaji Mizigo

Viambatisho: cheti cha mkunga, nakala ya ukurasa wa tarehe za mahudhurio, fomu ya likizo ya siku moja, 6 Mei 2026.

Nakala: Afisa Rasilimali Watu