Barua ya Kudai Deni

Langoni, Lamu
15 Septemba 2025

Kwa Ndugu Athmani,
Mokowe.

Assalaam alaykum.

KUH: KUDAI BAKI YA DENI, SHILINGI 65,000

Athmani, nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na mara mbili nimevuka hadi Mokowe nikaambiwa umetoka sasa hivi.

Tarehe 12 Oktoba 2024, barazani kwangu baada ya swala ya isha, nilikukopesha shilingi 85,000 taslimu ununue injini ya farasi 15 ya boti yako. Tuliandikiana, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya Baqara, aya ya 282. Karatasi ninayo. Ni ukurasa wa daftari la mwanangu, mistari minne kwa mkono wako mwenyewe, sahihi yako chini, na sahihi za mashahidi wawili waliokuwapo. Uliandika kwamba utamaliza kulipa mwisho wa Machi 2025, msimu wa kaskazi ukiisha. Tarehe 3 Februari ulinitumia shilingi 20,000 kwa M-Pesa, na nilishukuru. Tangu hapo sijaona hata senti.

Mwezi wa Aprili uliniomba subira, ukasema kusi imechafua bahari na abiria hakuna. Nilikubali kwa moyo mkunjufu, maana najua kusi. Lakini Jumatano iliyopita nilikuwa gatini Mokowe nikakuona unang'oa nanga, boti imejaa watu na mizigo, na injini ni ile ile. Niliumia, Athmani. Sikukuita mbele ya abiria wako kwa kuwa sikutaka kukuvunjia heshima.

Mashua yangu iko juu Matondoni tangu Julai. Mbao mbili za ubavuni zimeoza, na kalafati yote yataka kutolewa itiwe mpya. Fundi ameshakata mbao ila hagusi kazi mpaka apate malipo ya kwanza. Nisipoishusha majini kabla ya kaskazi, watu watano wanaonitegemea hawana msimu. Pesa nilizokupa ndizo nilizokuwa nimeziweka kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo nataka shilingi 65,000 zinifikie kabla ya Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, mkononi au kwa nambari ile ile uliyotumia Februari. Sidai ziada yoyote, riba siitaki. Ukiwa huna zote kwa mkupuo, njoo mwenyewe kabla ya siku hiyo na 35,000, tuandikiane upya mbele ya mashahidi wale wale, nazo 30,000 zilizobaki uzimalize kufikia mwisho wa Novemba.

Siku hiyo ikipita bila malipo wala wewe kuja, nitafungua kesi ya madai madogo mahakamani na kupeleka karatasi yetu. Mashahidi wote wawili wamekubali kusimama.

Nakala ya barua hii nimempa ami yako, kwa kuwa ndiye aliyekuleta kwangu.

Wasalaam,
Nduguyo, Bakari