YAH: MAOMBI YA MWANDISHI MSAIDIZI NA MUDA WA ZIADA WA MITIHANI

8 Juni 2026

Mkurugenzi wa Taaluma ya Shahada za Awali,
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
S.L.P. 35091,
Dar es Salaam.

K.K. Mkuu wa Idara ya Isimu ya Kiswahili

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Awali ya Sanaa katika Kiswahili. Tarehe 30 Mei nilipata ajali ya bodaboda na kuvunjika mkono wa kulia, ambao ndio ninaoandikia. Mfupa mmoja umevunjika karibu na kifundo, na miwili ya kiganja. Nimefungwa hogo kuanzia kwenye vidole hadi chini ya kiwiko, kwa wiki sita. Litafunguliwa tarehe 11 Julai, mitihani ikiwa imeshaanza tangu tarehe 6. Hata baada ya hapo, daktari ameandika kuwa nisishike kalamu kwa muda mrefu kwa wiki nne zaidi, kwa kuwa kifundo kitakuwa kimekakamaa.

Kwa hiyo naomba mwandishi msaidizi kwa mitihani yote mitano, na saa moja ya ziada kwa kila mtihani wa saa tatu. Saa hiyo ni ya kutamka jibu, kusubiri liandikwe, kusomewa na kusahihisha. Kwa kuwa nitakuwa nikisema kwa sauti, naomba pia chumba cha pembeni chenye msimamizi wake.

Mtihani wa Fonolojia una ugumu wake. Nikitamka sauti ya kwanza ya "ng'ombe", mwandishi anatakiwa aandike [ŋ]. Asiyezijua alama za kifonetiki ataandika tahajia ya kawaida na jibu litakuwa kosa. Naomba basi awe mtu aliyesoma isimu, lakini asiwe mwanafunzi wa darasa langu wala mwalimu wa somo hilo. Atofautishe pia "ghali" na "gari" anaposikia. Palipo na utata nitamtajia herufi moja moja. Kwenye Sintaksia, michoro matawi nitaichora mwenyewe kwa mkono wa kushoto, naye ataandika KN, KT na maneno pale nitakapomwonyesha. Nusu saa ya kufanya naye mazoezi kabla ya tarehe 6 itatosha.

Asipopatikana mtu wa aina hiyo, naomba mtihani wa Fonolojia peke yake uahirishwe, na nikiufanya baadaye uhesabiwe kuwa ni wa mara ya kwanza. Mingine minne niko tayari kuifanya kwa ratiba iliyopo.

Nimeambatisha ripoti ya daktari, picha ya eksirei, nakala ya PF3 na nakala ya kitambulisho chenye namba yangu ya usajili. Saini iliyo hapa chini ni ya mkono wa kushoto, hivyo haitafanana na ile ya kitambulisho. Naomba wasimamizi waarifiwe kabla sijasaini fomu ya mahudhurio.

Wako mtiifu,

(Saini)
Zuhura M. Kibwana