Tafsiri ya Ibara za Amana na Usitishaji: Mkataba wa Upangaji wa Nyumba ya Makazi, Kata ya Tay Ho, Hanoi

Hii ni tafsiri ya Ibara ya 5, ya 9 na ya 10 za mkataba wa kupanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala, utakaotiwa saini tarehe 1 Oktoba 2025. Mwenye nyumba, raia wa Vietnam, anaitwa Upande A. Mpangaji, mhandisi kutoka Tanzania anayefanya kazi Hanoi, anaitwa Upande B. Muda wa upangaji ni miezi 12, kuanzia siku ya kutia saini hadi tarehe 30 Septemba 2026, na kodi ni dong 15,000,000 kwa mwezi, hulipwa mapema kwa kila miezi 3. Maandishi ya Kivietnam ndiyo yenye nguvu ya kisheria. Haya ya Kiswahili ni ya kumwezesha mpangaji kujua anachokubali. Maelezo ya mfasiri yamewekwa katika aya zake na si sehemu ya mkataba.

IBARA YA 5: AMANA

5.1. Siku ya kutia saini mkataba huu, Upande B utaukabidhi Upande A amana ya dong 30,000,000 (dong milioni thelathini), sawa na kodi ya miezi 2, kwa njia ya benki au kwa fedha taslimu. Ikiwa fedha ni taslimu, Upande A utatoa stakabadhi yenye saini yake, na stakabadhi hiyo itaambatanishwa na mkataba. Amana na malipo yote yatahesabiwa na kulipwa kwa dong za Vietnam.

5.2. Amana ni dhamana ya utekelezaji wa mkataba kwa muda wote wa upangaji. Haizai riba, wala haitumiki kulipia kodi ya mwezi wowote, ikiwa ni pamoja na miezi ya mwisho, isipokuwa pale pande zote mbili zitakapokubaliana kwa maandishi.

5.3. Mkataba ukimalizika au ukisitishwa kihalali, Upande A utarejesha amana ndani ya siku 7 za kazi tangu siku ya kukabidhi nyumba, baada ya kukata madeni yafuatayo tu: kodi ambayo haijalipwa, bili za umeme, maji, intaneti na ada ya uendeshaji wa jengo hadi siku ya makabidhiano, na gharama za kurekebisha uharibifu uliosababishwa na Upande B au wageni wake, ukiacha uchakavu wa kawaida. Kila makato yataonyeshwa kwa maandishi pamoja na risiti au ankara ya fundi. Kitu kilichotumika kwa muda kitalipiwa kwa thamani iliyobaki, si kwa bei ya kitu kipya.

5.4. Hali ya nyumba siku ya kuingia ni ile iliyoandikwa katika Kiambatisho cha 1, chenye picha na namba zilizosomwa kwenye mita za umeme na maji. Pande zote mbili zinakiri kwamba kabla ya Upande B kuhamia, sakafu ya mbao ya sebuleni ilikuwa na mkwaruzo wa sentimita 12 karibu na mlango wa roshani, na kwamba ukuta wa chumba kidogo ulikuwa na doa la unyevu juu ya dirisha. Ukungu utakaotokana na unyevunyevu wa hewa wa miezi ya Februari hadi Aprili utahesabiwa kuwa uchakavu wa kawaida, mradi Upande B uutolee taarifa ndani ya siku 7 tangu kuuona.

5.5. Upande B ukivunja mkataba kabla ya muda wake bila sababu iliyotajwa katika Ibara ya 9.3, na bila kufuata utaratibu wa Ibara ya 9.5, amana yote itakuwa mali ya Upande A. Upande A ukivunja mkataba kabla ya muda wake bila sababu iliyotajwa katika Ibara ya 9.2, utarejesha amana yote, utalipa kiasi kingine kinacholingana na amana hiyo, na utarudisha kodi iliyolipwa mapema kwa siku ambazo Upande B hautaishi katika nyumba.

Maelezo ya mfasiri: Ibara ya 5.5 inafuata Kifungu cha 328 cha Kanuni ya Madai ya Vietnam ya mwaka 2015, ambacho ndicho msingi wa jambo zima: aliyetoa amana akikataa kutekeleza mkataba, anaipoteza, aliyeipokea akikataa, anairudisha na kuongeza kiasi hichohicho. Kwa hiyo mwenye nyumba akimtoa mpangaji bila sababu halali, atapaswa kutoa dong 60,000,000, achilia mbali kodi ya siku zilizobaki. Lakini Kifungu hicho kinaziruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, na mikataba mingi inayoandaliwa na wenye nyumba hutumia mwanya huo kumwondolea mwenye nyumba mzigo wa kulipa mara mbili huku ikimwachia mpangaji mzigo wake wote. Mkataba huu haujafanya hivyo. Ukiletewa rasimu mpya kabla ya kutia saini, sentensi ya pili ya Ibara ya 5.5 ndiyo ya kusoma kwanza. Sharti la dong nalo si hiari ya mwenye nyumba: Amri ya Fedha za Kigeni ya mwaka 2005, Kifungu cha 22, inakataza kuandika bei za mikataba kwa dola, hata kama tangazo la nyumba lilitaja dola.

Mkataba hausemi mwenye nyumba atalipa nini akichelewesha amana kupita siku 7 za kazi. Hapo hutumika Vifungu vya 357 na 468 vya Kanuni ya Madai, ambavyo kwa deni lisilo na riba iliyokubaliwa vinatoa asilimia 10 kwa mwaka. Kwa amana hii ni dong 250,000 kwa mwezi, kiasi kidogo mno kumtia mtu haraka. Kinachomlinda mpangaji kwa kweli ni Kiambatisho cha 1, na ninashauri kila picha iwe na tarehe na ihifadhiwe na pande zote mbili.

IBARA YA 9: KUSITISHWA KWA MKATABA

9.1. Mkataba utakoma tarehe 30 Septemba 2026. Upande unaotaka kuendelea utautaarifu upande wa pili angalau siku 45 kabla ya tarehe hiyo, na mkataba mpya utaandikwa. Mkataba hautajiongeza wenyewe.

9.2. Upande A unaweza kusitisha mkataba peke yake ikiwa Upande B: umechelewa kulipa kodi kwa zaidi ya siku 15, umeitumia nyumba kwa shughuli isiyo ya makazi, umevunja ukuta, umeongeza au umebadilisha sehemu ya nyumba bila idhini, umeipangisha, umeiazimisha au umeibadilisha na mtu mwingine bila idhini ya Upande A, au umesumbua utulivu na usafi wa majirani kwa kiwango kikubwa, jambo hilo likaandikiwa taarifa rasmi mara tatu, na bado haujajirekebisha.

9.3. Upande B unaweza kusitisha mkataba peke yake na kurejeshewa amana yote ikiwa Upande A: haukutengeneza nyumba ilipoharibika sana, umepandisha kodi isivyostahili au bila taarifa ya awali kama ilivyokubaliwa, haukutoa taarifa ya makazi ya muda ya Upande B kwa polisi wa kata, au ikiwa haki ya Upande B ya kuitumia nyumba imezuiwa kwa sababu ya maslahi ya mtu wa tatu.

9.4. Upande unaositisha mkataba utatoa taarifa ya maandishi angalau siku 30 kabla, ukitaja sababu. Taarifa itapelekwa kwa mkono dhidi ya saini ya mpokeaji, kwa posta ya rejista, au kwa barua pepe iliyotajwa katika Ibara ya 1. Ujumbe wa Zalo, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, unaruhusiwa kwa mambo ya kila siku, kama kuita fundi, lakini hauhesabiwi kuwa taarifa ya kusitisha mkataba. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kupokelewa kwa taarifa.

9.5. Baada ya miezi 6 ya kwanza, Upande B unaweza kuondoka kwa kutoa taarifa ya siku 60, ikiwa mwajiri wake amemhamishia nje ya Hanoi, au ikiwa kibali chake cha kazi au cha ukaazi hakikuongezwa muda. Nakala ya barua ya mwajiri au ya uamuzi wa mamlaka itaambatanishwa. Katika hali hiyo Upande A utabaki na dong 15,000,000 kutoka kwenye amana na kurejesha kilichosalia kwa mujibu wa Ibara ya 5.3.

Maelezo ya mfasiri: Ibara za 9.2 hadi 9.4 zinafuata kwa karibu Kifungu cha 172 cha Sheria ya Makazi ya mwaka 2023, isipokuwa mahali pamoja penye uzito. Kifungu hicho kinamzuia mwenye nyumba kusitisha upangaji kabla ya muda nje ya sababu zilizotajwa humo, na kwa upande wa kodi, sababu yenyewe ni kutolipa kwa miezi 3 au zaidi bila sababu ya msingi. Siku 15 za mkataba huu ni chache mno zikilinganishwa na hapo. Ninapendekeza Upande B uombe sentensi hiyo iandikwe upya ifuate sheria, au walau iongezwe kwamba Upande A utatoa onyo la maandishi na siku 15 nyingine za kulipa. Ni ombi la kawaida, na mwenye nyumba anayekataa kulisikia amekwisha kujieleza. Sharti la polisi katika 9.3 limeongezwa na pande zenyewe. Lina maana kwa mgeni, kwa kuwa sheria ya mwaka 2014 ya kuingia na kukaa kwa wageni inamtaka mwenye mahali pa kulala kutoa taarifa ya mgeni ndani ya saa 12 tangu afike, na mpangaji asiyeandikishwa hupata shida anaposhughulikia viza.

IBARA YA 10: MAKABIDHIANO NA MIGOGORO

10.1. Siku ya kuondoka, pande zote mbili zitaikagua nyumba pamoja kwa kulinganisha na Kiambatisho cha 1, zitasoma mita, na zitatia saini hati ya makabidhiano. Upande B utarudisha funguo 3, kadi 2 za lifti na rimoti 2 za kiyoyozi. Upande A usipofika kwenye ukaguzi licha ya kutaarifiwa siku 3 kabla, Upande B utapiga picha, utaacha funguo kwa uongozi wa jengo dhidi ya saini, na nyumba itahesabiwa kuwa imekabidhiwa.

10.2. Upande A hautakata umeme au maji, hautabadilisha kitasa, wala kuzuia mali ya Upande B ili kushinikiza malipo au kuondoka, hata kama upo mgogoro kuhusu amana.

10.3. Mgogoro utatatuliwa kwanza kwa mazungumzo ndani ya siku 30. Yakishindikana, upande wowote unaweza kulipeleka shauri katika Mahakama ya Watu yenye mamlaka.

10.4. Mkataba umeandikwa kwa Kivietnam katika nakala 4 zenye nguvu sawa, kila upande ukibaki na 2. Tafsiri ya Kiswahili imesomwa na Upande B kabla ya kutia saini.